Udongo mmoja, maabara mbili: fosforasi 46 na 8, nifuate ripoti gani?

shamba_la_nyuma:
Habarini wadau. Niko na robo eka huku Dagoretti, udongo mwekundu, napanda sukuma na viazi. Mwezi jana nlichimba udongo sehemu kumi na mbili, nikachanganya kwa beseni, nikaanika kivulini, nikagawa mara mbili na kupeleka maabara mbili tofauti coz kuna jirani aliniambia nisiamini moja. Ya kwanza inasema fosforasi 46 ppm, kiwango wanachotaka ni 30, kwa hivyo iko sawa nisiweke kitu. Ya pili inasema 8 ppm, kiwango chao ni 10, iko chini, wananiambia ninunue mbolea ya kupandia. Sasa nani ananidanganya? pH angalau wamekaribiana, 6.4 na 6.3.

otis_wa_mbolea:
Hakuna anayedanganya bro. Angalia juu ya hio safu, mmoja ameandika P na mwingine P2O5. Fosforasi ni ileile lakini ukiandika P2O5 namba inakua kubwa, unazidisha kwa 2.29. Nishaona watu wakigombana na maabara bure kumbe ni hio tu.

shamba_la_nyuma:
Nimeangalia, zote zimeandikwa P. Na hata nikizidisha 8 kwa 2.29 napata 18, si 46.

mzee_wa_udongo:
Otis hio kitu iko kweli na inafaa kuangaliwa mwanzo, lakini hapa si yenyewe. Kijana, chini ya jina la kipimo ama pembeni kwa herufi ndogo wameandika njia waliyotumia. Nisomee.

shamba_la_nyuma:
Ya kwanza "Mehlich double acid". Ya pili "Olsen".

mzee_wa_udongo:
Nlidhani hivyo. Sasa elewa kitu kimoja, hakuna maabara inayopima fosforasi yote iliyo kwenye udongo wako ukiomba kipimo cha kawaida cha shamba. Wanachukua udongo kidogo, wanamwagia maji ya dawa, wanatikisa, wanachuja, halafu wanapima ile iliyotoka tu. Dawa ikibadilika, kinachotoka kinabadilika.

Ile ya kwanza ni mchanganyiko wa asidi mbili, haidrokloriki na salfuriki, za nguvu kidogo. Imetumika Kenya miaka mingi, Mehlich mwenyewe alifanya kazi hapa Nairobi miaka ya 60. Asidi inayeyusha fosforasi iliyoshikwa na kalsiamu, inafanya hio kazi vizuri sana. Ile ya pili ni sodiamu baikaboneti, chumvi ileile iko ndani ya bekin pauda, wanaiweka pH 8.5 na kutikisa nusu saa. Hio haiyeyushi mawe, inabandua fosforasi iliyokaa juu juu ya chembe za udongo. Ndio maana Olsen karibu kila mara inakuja namba ndogo, na ndio maana kiwango chao ni 10 na cha wale wengine 30. Usilinganishe 46 na 8, linganisha kila moja na kiwango chake.

Lakini hapo ndipo yako inanisumbua. Kwa kawaida namba zinatofautiana lakini jibu linakua moja, zote zinasema iko chini ama zote zinasema inatosha. Yako zinapingana. Kwa hivyo nakuuliza, umewahi kuweka Minjingu, ile mbolea ya jiwe la fosforasi lililosagwa?

mama_kitengela:
Mimi yangu ilikua kinyume kabisa jameni! Udongo wangu ni ule mweusi wa kupasuka, hizo asidi zilinipea 5 halafu Olsen ikanipea 14. Na nlikua nimeshanunua mbolea tayari juu ya hio 5.

mzee_wa_udongo:
Mama, wewe udongo wako una vipande vyeupe vya chokaa ukichimba chini kidogo, sivyo? Mwagia siki, ukiona inatoa povu basi ni hio. Chokaa ilikula asidi yote ikaisha nguvu kabla haijafanya kazi, namba ikatoka ndogo ya uongo. Kwa udongo kama wako fuata Olsen, ilitengenezwa kwa udongo kama huo.

shamba_la_nyuma:
Mzee umejuaje. Ndio, mwaka jana mvua ya masika nliweka mfuko mmoja wa kilo 50, ile ya unga wa mawe, kwa hio robo eka yote. Na majivu huwa naweka kila msimu.

mzee_wa_udongo:
Basi tupige hesabu. Ule unga una fosforasi kama asilimia 13, mfuko mmoja ni kilo 6.5. Robo eka ni kama mita mraba 1000, ukichukua kina cha sentimita 20 ni mita 200 za ujazo, na udongo wetu mwekundu ni mwepesi, sema tani 200. Kilo 6.5 ndani ya kilo 200,000 ni kama 32 ppm. Toa 32 kwa 46 unabaki na 14, na 14 iko chini ya 30. Yaani bila huo unga hata maabara ya kwanza ingekuambia iko chini. Ule unga ni jiwe la fosforasi na kalsiamu, asidi ya maabara imeuyeyusha ikauhesabu, lakini mizizi ya sukuma haina hio asidi. Na kwa pH 6.4 hilo jiwe linayeyuka polepole sana, lingekua kwa udongo wa pH 5 ingekua stori ingine. Majivu yako ndio yamepandisha pH.

Hio 32 ni ya juu kabisa, najua si yote imebaki na si yote asidi imetoa. Lakini inatosha kueleza mwanya huo.

kijana_wa_maabara:
Nakubaliana na mzee kwa sehemu kubwa, mi hufanya hii kazi kila siku. Ila msiifanye Olsen iwe mahakama. Kwa shamba lenye unga wa mawe Olsen nayo inapunja upande mwingine, haioni ile itakayoyeyuka msimu ukiendelea, kwa hivyo 8 inaweza kua ni ndogo kuliko kile mmea utapata. Pia Olsen inabadilika na joto la chumba, siku za baridi za Julai kama chumba hakina joto la kudumu inashuka kidogo. 8 na 10 ziko karibu, sitaapa kwamba hio ni tofauti ya kweli.

otis_wa_mbolea:
Kwa hivyo anunue mbolea ama asinunue? Pesa ndio swali hapa.

mzee_wa_udongo:
Kwa viazi mimi ningeweka, viazi mizizi yake ni mifupi na inataka fosforasi mapema. Nusu ya ile waliyokuandikia, ndani ya mtaro, isimwagwe shamba lote.

kijana_wa_maabara:
Mi ningepima kwanza. Chukua udongo pale ambapo unga haukufika, upeleke maabara zote mbili. Kama asidi italeta kitu kama 15 na Olsen ibaki 7 ama 8, mzee amepata. Kama asidi bado inaleta 40, tafuteni sababu ingine.

shamba_la_nyuma:
Mahali pekee unga haukufika ni kando ya ua, na hapo ndio mama alikua anamwaga samadi ya ng'ombe miaka yote. Itakubali kweli?

kijana_wa_maabara:
Hapo hapana, samadi nayo ina fosforasi yake. Jirani yako hana kipande cha udongo kama huo?

shamba_la_nyuma:
Yule aliyeniambia nisiamini maabara moja anacho. Kesho asubuhi nitamuuliza kama amewahi kuweka Minjingu. Na viazi nitaacha mistari minne bila kitu nione.