Mrejesho: barua ya benki kuhusu hela za miti, Mafinga

Niliuliza: "Nimeweka milioni 38.5 taslimu baada ya kuuza shamba la miti Mafinga. Benki wanataka barua ya chanzo cha fedha. Niandikeje?"

Wakuu, imekubalika. Kilichobeba barua ni hesabu, maana mkataba unasema milioni 52 na akaunti imeingia 38.5. Pengo kama hilo ukiliacha bila maelezo, ndilo litakalorudisha barua. Aya ya pili niliiandika hivi:

"Tarehe ya mkataba mnunuzi alinilipa 12,000,000 kwa simu. Baada ya kuvuna alinilipa 40,000,000 taslimu. Kati ya hizo nililipa vibarua 1,500,000, na 38,500,000 zilizobaki ndizo nilizoweka."

Kila kiasi kikafuatiwa na namba ya kiambatisho: mkataba wenye sahihi za mashahidi na muhuri wa ofisi ya kijiji, taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu (picha ya meseji haitoshi), karatasi ya malipo ya vibarua yenye sahihi zao, na hati inayoonyesha shamba ni langu. Hii ya mwisho wengi huisahau, kumbe mkataba unathibitisha umeuza tu, hauthibitishi mali ilikuwa yako.

Jina nalo liangalieni. Mkataba una majina mawili, NIDA ina matatu, kwa hiyo niliambatisha kiapo cha wakili kwamba ni mtu yuleyule.

Juu kabisa: namba ya akaunti, tarehe na kiasi kama kilivyo kwenye risiti ya benki. Ukurasa mmoja ulitosha.