Siro ya suro kwa mafua: mume wangu katapika baada ya nusu glasi. Nimekosea wapi?

MamaAmani_Kadutu
Wandugu, habari. Niko Bukavu, mvua imeanza na nyumba nzima inakohoa. Dada yangu aliye Ubelgiji alinitumia kwa msafiri mfuko wa matunda madogo meusi, makavu, kama gramu 500. Aliyachuma mwenyewe nyuma ya nyumba yake, akayakausha darini. Juu ya mfuko kaandika «sureau», sisi tunasema suro. Akaniambia tu, "tengeneza siro, mafua yatawaachilia."

Jumamosi nikachota konzi mbili, nikaloweka usiku kucha, asubuhi nikasaga kwenye mikse na sukari, nikachuja kwa kichujio cha chai. Sikupika. Juisi ya marakuja nani anaipika? Mume wangu akanywa nusu glasi. Haikufika hata dakika ishirini, tumbo likamkata, akatapika mara tatu, kichwa kikawa kinamzunguka. Jioni alikuwa mzima, akala bugali. Mimi nilionja kijiko kimoja tu. Watoto sikuwapa: mmoja ana miaka 4, mwingine miezi 8. Sasa mfuko wote niutupe?

PapaRiziki_Goma
Pole mama. Hayo si sumu, ni uchafu wa safari. Suro ikishakauka sumu yake imeisha, hiyo inajulikana. Chemsha dakika tano kuua vijidudu, funika vizuri mvuke usipotee maana ndio wenye dawa, utakunywa bila shida.

Shangazi_Katuba
Papa Riziki, kwenye kuchemsha uko sawa, kwingine hapana.

Mama Amani, mimi nilifanya kazi miaka 11 kwenye famasi kule Lieji kabla ya kurudi Lubumbashi, na kila mwezi wa tisa walikuwa wanakuja watu wa namna yako. Nijibu kwanza: ulipomwaga matunda kwenye mikse, vijiti vilikuwemo? Majani?

MamaAmani_Kadutu
Vijiti vingi, shangazi. Vile vyembamba vinavyoshika matunda. Na majani makavu yaliyovunjika. Nilidhani ni sehemu ya dawa.

Shangazi_Katuba
Basi ndiyo hiyo. Wewe unajua sombe, kwa hiyo utanielewa haraka. Jani la muhogo likiwa zima limeweka sumu yake chumba kimoja na kichachusho cha kuifungua chumba kingine. Ukitwanga, kuta zinabomoka, viwili vinakutana, na hewa ya sayanidi inatoka. Ndiyo sababu mama zetu wanatwanga, halafu wanapika muda mrefu. Suro nayo ina sumu ya ukoo huo huo. Imejaa kwenye majani, vijiti, maganda ya mti na matunda mabichi ya kijani. Kwenye tunda jeusi lililoiva ni kidogo, mbegu zake zikiwa na zaidi. Tena kuna protini inayochokoza tumbo, nayo inavunjwa na moto mrefu tu. Kukausha darini hakuiondoi.

Wewe ulitwanga kwa mikse, na moto hukuleta. Ulifanya nusu ya kazi ya sombe, ile nusu ya kufungua sumu, ukamimina kwenye glasi.

Si wa kwanza. Agosti 1983 huko Kalifornia, wilaya ya Monterey, watu kwenye mkusanyiko wa dini walikunywa juisi ya suro wa kwao, imekamuliwa mbichi pamoja na majani na vijiti. Dakika 15 hivi wakaanza kutapika, tumbo, kizunguzungu, ganzi. Wanane wakabebwa na helikopta hadi hospitali. Mmoja aliyekunywa glasi tano alilazwa usiku, kuamka kwake ilikuwa taabu. Wote walipona.

Kijana_Nguba
Mbona hata kwetu Walungu mti huo upo! Unapanda kwenye ua, matunda vishada, bibi alikuwa anafulia nguo. Kumbe ni dawa ya mafua. Nichume?

Shangazi_Katuba
Usichume! Unaopanda na kutoa povu la sabuni ni mmea mwingine kabisa, na huo ni sumu. Suro ni kichaka kinachosimama chenyewe. Majani yake yamepangwa kama unyoya, vipande vitano hadi saba vyenye meno pembeni, na vishada vya matunda vinaning'inia chini. Usipokuwa na uhakika, acha.

MamaAmani_Kadutu
Nina swali, shangazi. Kama ni sawa na sombe, basi majani na vijiti nivitwange nivipike masaa mawili, si vitakuwa salama?

Shangazi_Katuba
Nilijua utaniuliza. Hapana, yatoe yote. Kwenye majani sumu ni nyingi kuliko kwenye tunda, na sombe ina vizazi vya mama walioonja na kurekebisha. Majani ya suro hayana mama wa kukufundisha yatwangwe kiasi gani. Tena ukiyatupa mazima kwenye maji yanayochemka, kile kichachusho kinakufa kabla hakijafungua kitu, na sumu inabaki mle mle.

Fanya hivi. Tandaza kitambaa cheupe, chambua tunda kwa tunda. Kijiti, jani, tunda jekundu au la kijani, toa. Ni kazi ya kuchosha, piga redio. Kikombe kimoja cha matunda safi, kama gramu 100, na vikombe vinne vya maji, kwenye babula. Yakishachemka punguza makala, yaendelee polepole, sufuria wazi. Papa Riziki anasema funika. Mimi nataka ile hewa iende zake. Watu wa Ulaya wanahesabu nusu saa, lakini Bukavu iko juu na maji yenu yanachemka kwenye digrii 95 hivi, kwa hiyo mimi ningehesabu dakika 45, hadi ibaki nusu. Hapo ponda kwa mwiko, chuja kwa kitambaa, mbegu tupa. Ikishapoa kiasi cha kushika sufuria kwa mkono, tia asali kikombe kimoja. Bila frigo tengeneza kidogo kidogo. Ikitoa mapovu au harufu ya pombe, mwaga.

Wa miezi 8 usimpe kabisa. Asali ni marufuku kabla ya mwaka mmoja.

Mulongo_Ndosho
Niongeze langu. Mwaka jana nilijinywesha masiro ya mafua siku tatu, mwili unauma, baridi, kumbe ni palu. Nusura nife. Mwenye homa afanye tesiti kwanza.

PapaRiziki_Goma
Lakini inaponya au haiponyi? Tusizunguke.

Shangazi_Katuba
Haiponyi. Mwaka 2016 kulitoka utafiti wa wasafiri wa ndege 312 kutoka Australia: walioshikwa na mafua hawakupungua kwa maana, ila waliotumia suro waliugua siku pungufu kuliko wengine. Utafiti wa 2020 huko Marekani, wa influenza, haukuona faida yoyote. Mimi naipenda kwa koo, kama chai ya tangawizi. Kwa kufunika, papa, sitabishana zaidi, wewe funika yako.

MamaAmani_Kadutu
Nimechambua jioni nzima. Kwenye gramu 500, vijiti na majani vilijaa bakuli. Dada kakiri kwenye simu alikata vishada na mkasi akavitia kwenye mfuko hivyo hivyo. Leo nimepika kikombe kimoja, dakika 45, rangi nyeusi kama mafuta ya gari. Nimekunywa kijiko kikubwa saa nne, sasa ni saa tisa, tumbo kimya. Yule wa miaka 4 sijampa bado, nasubiri kesho. Baba Amani ameona sufuria akatoka nje.