Tupeane uzoefu: namba ya simu imebadilika na posta ipo JPEG tu, ulifanyaje?

Mama Zabibu: Wakuu habari. Posta ya tamasha la kwaya huku Chamwino ishatoka, mratibu kabadilisha laini, aliyedizaini hapatikani, tulicho nacho ni JPEG tu. Mlifanyaje nyie?

Kijana wa Makole: PixelLab ya simu inatosha, chora boksi juu ya namba, okota rangi ya hapohapo, andika mpya, kwisha.

Fundi Kizota: Boksi linakubali kama nyuma ni rangi moja. Mimi nililetewa ya harambee, nyuma inaanza zambarau juu inaishia nyeusi chini, boksi lingekaa kama kiraka. Nikafungua Photopea, kwanza nikakopi zile tarakimu za zamani moja moja na mandharinyuma yake nikaziweka pembeni, maana namba mpya karibu yote ilitokana na hizohizo, fonti sikuhangaika kuitafuta. Halafu nikakata kipande chembamba kulia kwa namba, usawa uleule pasipo na maandishi, nikakivuta kwa upana kikafunika mstari wote. Rangi ikakaa sababu ilikuwa inabadilika juu kwenda chini tu, ingekuwa mshazari isingekubali. Na ufunike hadi nje kidogo ya herufi, JPEG inaacha vumbivumbi pembeni ya maandishi, usipolifunika namba ya zamani inabaki kama mzuka, zumu 300% utaiona. Kisha nikapanga tarakimu upya kwenye mstari uleule.

Kijana wa Makole: Na ukikosa 9? Si unapindua 6 tu

Fundi Kizota: Fonti nyingi inakubali ila angalia kivuli, kama cha wenzake kipo chini kulia hiyo yako kitatokea juu kushoto. Na rangi ya nyuma nayo inapinduka.

Bi Rehema: Sisi za harusi zilikuwa zishachapwa, tukaprinti vistika vya namba tukakaa na mashangazi kubandika usiku kucha 😂

Fundi Kizota: Hiyo kesi nyingine dada 😂

Msomi wa UDOM: Msisahau QR. Posta yetu moja namba ilibadilishwa safi kabisa, ila ukiskani inakupeleka wasap ya namba ya zamani. Tengeneza nyingine, hiyo haiguswi kwa brashi.

Mama Zabibu: QR hatuna. Tatizo namba imekaa juu ya majoho ya wanakwaya, na picha yenyewe imepita magrupu kibao imefifia.

Fundi Kizota: Mtafute aliyetumiwa kwanza na dizaina, akutumie kama dokyumenti, sio kama picha. Majoho yana mikunjo, kuklon ni kazi ya jioni nzima. Mimi ningepitisha utepe wa rangi moja upana wote wa posta, namba mpya juu yake, itaonekana ilidizainiwa hivyo.

Mama Zabibu: Utepe utakata jina la mgeni rasmi, lipo chini yake tu.

Kijana wa Makole: Liandike upya humohumo kwenye utepe

Fundi Kizota: Weka posta hapa kwanza tuione, namba ufiche.