Naomba ushauri: niondoe kesi au nirekebishe hati ya madai?

Wakuu, nilishtaki wakala wa nyumba Milimani nikidai deposi ya 180,000. Utetezi wake unasema pesa zilimfikia mwenye nyumba. Kesi tayari imepangiwa kusikizwa, kwa hivyo, kwa Agizo la 25 la Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za Kenya, notisi yangu pekee haitoshi kuiondoa: nahitaji ridhaa ya wakala au ruhusa ya korti. Nikiiondoa, wakala anaweza kudai gharama, na nikifungua nyingine kabla ya kumlipa, korti inaweza kuisimamisha. Hilo linaninyima usingizi.

Naona heri niombe ruhusa ya kurekebisha na kumuunganisha mwenye nyumba. Aliyepitia haya, uliamriwa kulipa gharama za ombi? Na wakala akiondolewa baadaye, nitamlipa?