Beringi imeng'ang'ania shafti ya mota: pula, vyuma viwili na nyundo, au grainda?

Kinu cha Pongwe
Salaam wana jukwaa. Nina mashine ya kusaga huku Pongwe, mota ya kilowati 7.5 fezi tatu. Beringi ya upande wa mkanda ilianza kuunguruma, tukafungua, rota iko benchi tangu juzi. Beringi ni 6308, yaani ndani milimita 40, nje 90, upana 23. Imegusa bega la shafti na haitaki kuachia. Kijana wangu alifunga pula ya miguu mitatu, kucha zikateleza mara mbili, na mara ya pili mguu mmoja ulinipita karibu na sikio nikasikia upepo wake.

Sasa nina ushauri wa aina tatu. Karakana moja Ngamiani wana presi, wanataka niwapelekee rota. Kijana anataka kukata kwa grainda. Jirani anasema niilaze juu ya vyuma viwili nipige shafti kwa nyundo. Beringi yenyewe natupa, mpya ninayo. Ninachokilinda ni shafti. Nyie mngeanza na ipi?

Boda wa Chumbageni
Mama, mbona hiyo kazi ndogo. Mimi beringi za gurudumu natoa kila wiki. Jaza grisi kwenye tundu, chukua kipande cha nondo kinachoenea humo, piga nyundo, grisi inasukuma beringi kutoka nyuma. Pula ya nini?

Mzee wa Rota
Kijana, yako imekaa ndani ya habu na katikati kuna tundu tupu. Ya mama imevaa shafti. Hiyo grisi utaijaza wapi?

Boda wa Chumbageni
Ahaa, nimesoma haraka. Shikamoo mzee.

Nyundo ya Shaba
Fuata la jirani. Weka vyuma viwili vya pembe juu ya matofali, acha nafasi rota ipite, beringi ikae juu ya vyuma, shafti isimame wima. Juu weka kipande cha shaba, piga nyundo ya kilo 2. Uzito wa rota wenyewe unakusaidia. Chini weka tairi kuukuu, maana ikiachia inaachia ghafla. Nimetoa nyingi hivi na sina pula hata moja.

Mzee wa Rota
Marahaba. Mama, ngoja kabla hujapiga kitu.

Kwanza tujue kwa nini kucha ziliteleza. Kwenye shafti kilichobana ni pete ya ndani peke yake. Pete ya nje haina ugomvi na mtu. Kucha za pula yako ni nene, haziingii nyuma ya pete ya ndani, kwa hiyo zimeshika pete ya nje, tena ukingoni. Ukikaza, nguvu inatoka pete ya nje, inapita kwenye gololi, ndiyo ifike pete ya ndani. Huku miguu inapanuka. Ukiona miguu inatanuka na beringi haijasogea hata unywele, acha kukaza, maana kinachofuata ni kile kilichopita sikioni kwako.

Kwa hiyo swali si pula au nyundo. Swali ni unaishika wapi. Chukua venia upime vitu viwili: kipenyo cha bega la shafti nyuma ya beringi, na kipenyo cha nje cha pete ya ndani. Kwa 6308 pete ya ndani huwa kama milimita 56. Bega likiwa dogo kuliko hapo, kuna ukingo wa kushika, hata ukiwa wa milimita mbili tatu tu.

Nyundo ya Shaba
Mzee, kwa heshima, beringi inatupwa. Gololi zikiumia zinamuumiza nani?

Mzee wa Rota
Hapo uko sawa. Kama ni ya kutupa, alama za gololi hazina maana. Kama ingekuwa ya kurudishwa, kuivuta kwa pete ya nje kungeiua hata kama inaonekana nzima. Ungeifunga na wiki hiyo hiyo ingeanza kulia.

Mimi naogopa kingine. Beringi iliyokwisha unguruma, kizimba cha gololi kimechoka. Ukivuta au ukipiga kwa pete ya nje, kizimba kinaweza kupasuka, gololi zikatawanyika chini ya benchi, pete ya nje ukabaki nayo mkononi, na pete ya ndani bado iko pale pale inakutazama. Sasa hapo huna hata pa kushika. Na nyundo yako ya kilo 2 juu ya ncha ya shafti: shaba inasaidia, lakini pigo likienda upande, ncha inavimba na puli haiingii tena. Lile tundu la katikati ya ncha likiharibika, mkerezaji naye anakosa pa kuegesha.

Mkonge wa Muheza
Sisi kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, tuna beringi kubwa za roli, zimekaa juu ya kola yenye mteremko na nati. Kuna fundi alikuja na pula ya tani sijui ngapi, akahangaika asubuhi nzima. Mzee mmoja akamwambia legeza nati mizunguko michache, usiitoe, kisha gonga kola irudi nyuma. Dakika kumi. Mama, hebu angalia kama yako haina kola.

Kinu cha Pongwe
Haina, imekaa juu ya shafti tupu. Nimepima: bega 49, pete ya ndani 56 na kidogo. Kwa hiyo nina kama milimita tatu na nusu kila upande?

Mzee wa Rota
Ndiyo, na zinatosha. Kuna kifaa cha sahani mbili zenye makali kinachobanwa nyuma ya beringi, ndicho kinachotakiwa hapa. Kama hukipati, chonga chako. Chukua kipande cha bamba nene, milimita 12 hivi, si kile cha kutengenezea mageti. Toboa tundu la milimita 51 au 52: linapita bega, lakini halimezi pete ya ndani. Kata bamba katikati ya tundu, upate nusu mbili. Zikutanishe nyuma ya beringi, uzibane kwa bolti ubavuni zisiachane. Kisha toboa matundu mawili nje, upitishe bolti ndefu hadi kwenye boriti ya pula badala ya kucha. Hapo hakuna cha kuteleza.

Skurubu ya pula isiguse shafti moja kwa moja. Mota nyingi za ukubwa huo, zenye shafti ya 38 kwa mbele, zina tundu lenye uzi wa bolti ya 12 katikati. Funga humo bolti fupi, skurubu isukume kichwa chake. Funika yote kwa gunia.

Umeme Mabawa
Kwa nini asipashe moto? Chuma kikipata moto kinatanuka. Gesi dakika moja inatoka yenyewe.

Mzee wa Rota
Kinatanuka kweli, ila hesabu. Pete ya milimita 40 ikizidi shafti kwa nyuzi 80, inatanuka, tuseme, chini kidogo ya sehemu 4 za mia za milimita. Inatosha kuachia mbano wa kawaida. Shida ni hilo neno "ikizidi shafti". Gesi ukiizungusha dakika moja, shafti nayo inapata moto, zote mbili zinatanuka pamoja, faida imekwisha. Na grisi iliyomo inashika moto. Mimi hufunga pula kwanza, naivuta ikaze, ndipo namwagia pete ya ndani oili ya moto, shafti nimeizungushia kitambaa chenye maji. Ikisita, hapo ndipo inaachia.

Nyundo ya Shaba
Na grainda je? Maana najua wengi wanaishia huko.

Mzee wa Rota
Hiyo ni ya mwisho, na ni ya pete ya ndani iliyobaki peke yake. Kata kwa mshazari ndani ya mfereji wa gololi, ndipo pembamba, kwa 6308 kama milimita 5. Usimalize. Ukibakisha kama milimita moja, weka tindo kwenye mkato upige mara moja. Pete ni chuma kigumu kinachokatika kama kigae, utasikia mlio. Miwani lazima. Anayetaka kumaliza kwa jiwe la grainda ndiye anayeacha mkwaruzo kwenye shafti.

Kinu cha Pongwe
Nimerudi. Bamba tulipata kwa muuza vyuma chakavu, kuchonga kulitula nusu siku zaidi kuliko nilivyodhani, maana bamba la kwanza kijana alitoboa 54 likawa linateleza. La pili 51. Tulikaza mpaka spana ikagoma, nikamzuia asiongeze bomba. Tukasubiri, tukamwaga oili ya moto, akagonga kichwa cha skurubu kidogo tu. Ikalia "ta!" kama fataki, nikadhani bolti imekatika. Kumbe imesogea milimita kama nne, baada ya hapo ikaja kwa kukaza taratibu.

Lakini chini yake nimekuta unga mwekundu kama wa matofali, na shafti imejaa vidoti vya sentapanchi, vimezunguka pande zote. Nimepima kwa maikromita katikati ya vidoti: 39.97.

Mzee wa Rota
Ndiyo sababu ilikuwa inang'ang'ania. Aliyefunga zamani alikuta shafti imelika, akaivimbisha kwa sentapanchi. Pete ikawa inashikwa na ncha za vidoti tu, inachezacheza, chuma kinasagika kinageuka kutu, na kutu ndiyo iliyogandisha. Shafti hiyo ilitakiwa iwe 40.00 na juu kidogo, mpaka 40.018 hivi. Ukifunga beringi mpya hapo itazunguka juu ya shafti. Peleka ijazwe welding na ikerezwe.

Nyundo ya Shaba
Welding nayo inapinda shafti, mzee. Mimi ningepaka gundi ya beringi, ile ya kujaza nafasi. Sehemu tatu za mia si nyingi.

Mzee wa Rota
Kwenye mota ya mkanda unaovuta upande mmoja siku nzima? Sijui kama ningelala usingizi.

Nyundo ya Shaba
Nina moja ya pampu, inakimbia mwaka wa pili.

Mzee wa Rota
Pampu haina mkanda.

Kinu cha Pongwe
Naipeleka Ngamiani kesho ikakaguliwe kama imenyooka, halafu nitaamua. Bamba nimelitundika ukutani. Kijana kaliandika "6308" kwa chaki.