Mrejesho: alama za jopo la usaili kwenye jedwali moja

Niliuliza: "Wasaili watatu, kila mmoja na shiti yake, nazipataje alama kwenye jedwali moja lenye nafasi, na nijue walipopishana sana?"

Wadau, imekubali. Jina liko A, alama za wasaili (kwa 100) ziko B hadi D, wasailiwa 12, mstari wa 2 nikaweka hizi kuanzia E mpaka H halafu nikaburuta chini:

```
=AVERAGE(B2:D2)
=MAX(B2:D2)-MIN(B2:D2)
=RANK(E2,E$2:E$13)
=IF(F2>=20,"JADILI","")
```

Faida nimeiona kwa watu wawili waliofungana, wote wastani 70.33. Mmoja kapata 71, 70, 70, mwingine 82, 78, 51, yani ukiangalia wastani peke yake unaona wako sawa kumbe huyu wa pili ana pengo la 31! Jopo likarudi kwenye fomu swali kwa swali, ikaonekana aliyempa 51 alimkata kwenye swali la uzoefu kwa sababu alitaka uzoefu wa serikalini tu, na tangazo halikusema hivyo. Akarekebisha mwenyewe na kusaini, shiti ya mwanzo tukaiacha ilivyo.

Hiyo 20 ya pengo mkubaliane kabla ya kuona alama, la sivyo mtu ataisogeza imfae mtu wake.

Pia msaili akikosekana acha seli tupu, msiandike 0, maana AVERAGE inaruka tupu ila 0 inaihesabu na mtu wa watu anashuka bure.