Mrejesho: kuwahi bajeti ya shule binafsi

Niliuliza: "Nauza mfumo wa kukusanya ada kwa shule binafsi, na kila Januari naambiwa bajeti imeshapita. Nianze lini, na niwape sababu gani ya kuamua mapema?"

Nawashukuru sana mlionijibu. Nilifuata ushauri wa kuanza Agosti kwa mhasibu badala ya mkuu wa shule, nikamuuliza kwanza bodi huketi lini kupitisha bajeti. Wa shule ya kwanza alisema Oktoba, lakini mapendekezo yake hufungwa katikati ya Septemba, kwa hiyo nikampa ukurasa mmoja wenye gharama ya kufunga, mafunzo na malipo ya mwaka, ambao aliunakili kama ulivyo. Sababu iliyomgusa ni kwamba akithibitisha kabla ya Oktoba kwisha, tungefunga mfumo likizo ya Desemba, na wazazi wangelipa kwa utaratibu mpya tangu Januari. Shule hiyo imesaini.

Punguzo la bei halikusaidia: shule ya pili ilihisi bei ya awali ilikuwa imepandishwa makusudi. Imeniweka kwenye bajeti, ila haitasaini mpaka ada zianze kuingia. Ya tatu huanza mwaka wake wa fedha Julai, hivyo nitairudia Machi.